Nyumba ya mnada Kihonda: niliweka kikomo changu, sasa mke wa mdaiwa ameniambia neno

Ndugu Mshauri,

Naandika Jumatatu usiku, mnada ni Jumamosi saa nne asubuhi. Kama jibu litachelewa, basi litawafaa wengine, maana naona watu wengi hapa Morogoro sasa wanakimbilia nyumba za benki wakidhani ni za bure.

Mimi ni mwanamke wa miaka 46, nina duka la vifaa vya ujenzi maeneo ya Msamvu, na bado napanga. Kodi yangu ni 250,000 kwa mwezi. Kwa miaka tisa nimekusanya shilingi milioni 52, zote ziko taslimu benki. Wiki mbili zilizopita niliona kwenye gazeti tangazo la mnada wa nyumba iliyowekwa rehani, iko Kihonda, vyumba vitatu, ina fensi na hatimiliki. Masharti ni yale yale ya kila tangazo: inauzwa kama ilivyo na mahali ilipo, mshindi analipa asilimia 25 papo hapo, na zilizobaki ndani ya siku 14. Asipomaliza, ile 25 imekwenda na nyumba inanadiwa upya.

Niliwahi kwenda mnada mmoja kutazama tu, bila kufungua mdomo. Nilichojifunza ni kwamba bei hupanda haraka kuliko akili. Ilianza milioni 30, kabla hata dakika nne hazijaisha ikafika 46, na wanaume wawili waliokuwa wakipandisha kwa nguvu walinyamaza ghafla mara mama mmoja alipotaja 46. Hawakuonekana tena. Tangu siku ile nikasema sitaenda mnadani bila namba iliyoandikwa nyumbani.

Kwa hiyo nilianza na bei ya nyumba yenyewe. Madalali watatu waliniambia nyumba kama ile ni milioni 85, 90, mmoja akasema 100. Lakini hizo ni bei za kuomba. Nilimtafuta mtu aliyenunua nyumba ya jirani mwaka jana, inayofanana kabisa kwa ramani na ukubwa wa kiwanja, akaniambia alitoa milioni 78. Nikashika hiyo 78, kwa sababu ni pesa iliyotoka mfukoni mwa mtu.

Halafu nikaenda kukagua. Hapa ndipo nilipojua "kukagua" kwenye tangazo maana yake ni nini. Karani wa dalali alitupeleka siku ya Alhamisi, watu sita, tukasimama nje ya geti. Mwenye nyumba bado anaishi humo na hakufungua, na karani hana mamlaka ya kumlazimisha. Tukatazama paa na ukuta wa mbele, basi. Jumapili jioni nilirudi na fundi wangu, tukaomba kuingia uani kwa jirani, tukachungulia. Fundi aliona bati za upande wa jikoni zimeliwa na kutu, mbao moja ya paa imelegea, na fensi ya nyuma ina ufa unaoshuka hadi msingi. Kwa yale yanayoonekana alisema niweke milioni 6. Kuhusu ndani alicheka. Akasema mtu anayetolewa kwenye nyumba yake kwa deni haachi kitu: milango, vioo, masinki, wengine huvuta hata nyaya za umeme ukutani. Tukaweka milioni 7 kwa ndani tusikokuona, na ameniambia hiyo ni kwa bahati ya kawaida, si mbaya.

Kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizwa, bili ya maji, na kodi ya jengo ambayo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, nikaziwekea milioni 1.4. Ushuru wa stempu, usajili, uthamini na kodi nyingine za uhamisho, ambazo masharti ya mnada huu yanamtwika mnunuzi zote, milioni 4. Halafu kuna muda. Ukishinda mnada hukabidhiwi funguo siku hiyo. Mwenye nyumba akigoma, ni wakili, ni mahakama, ni dalali wa mahakama wa kumtoa, na huku mimi naendelea kupanga. Mwaka mmoja wa kodi yangu ni milioni 3, na wakili nilimkadiria milioni 5. Jumla ya makato ikawa milioni 26.4. Ukiitoa kwenye 78 inabaki 51.6.

Nikatoa tena milioni 8, na hii ndiyo kaka yangu haielewi. Nikinunua kwa 51.6 nitakuwa nimelipa sawasawa na yule aliyenunua kwa jirani, tofauti yake yeye aliingia ndani akafungua mabomba, akalala usingizi. Kwa nini mimi nilale macho kwa bei ile ile? Ikabaki 43.6, nikaikata kidogo, kikomo changu kikawa milioni 43.5. Asilimia 25 yake ni milioni 10.875, na nikishamaliza yote nabaki na 8.5 za uhamisho na wakili. Ukarabati utasubiri.

Kaka anasema nipande hadi 55, na sababu yake si ya kijinga. Anasema Sheria ya Ardhi inaitaka benki iuze kwa bei nzuri inayopatikana, na kama bei iko chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba benki imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Tuseme nyumba kwa hali yake ya sasa, na hiyo paa, ni milioni 72. Asilimia 75 yake ni 54. Nikinunua kwa 43.5, mdaiwa ana hoja ya kwenda nayo mahakamani siku ya pili yake. Nikinunua kwa 55, hoja hiyo anaikosa. Anasema hizo milioni 11.5 za juu ni bei ya amani.

Nimelitafakari sana. Wasiwasi wangu ni kwamba 55 sina. Ningehitaji mkopo wa SACCOS wa kama milioni 10, ukijumlisha gharama za uhamisho, na pale kwetu mkopo huchukua wiki tatu tangu fomu hadi pesa. Mnada unanipa siku 14. Mkopo ukichelewa nimepoteza milioni 13.75 bila kupata hata tofali. Na kama benki imejiwekea bei ya chini isiyotangazwa, ambayo kwa kawaida ndivyo ilivyo, basi pengine 43.5 yangu haitapita kabisa na ninakosa usingizi bure.

Yote haya ningeyamaliza mwenyewe. Kilichonifanya nikuandikie ni Jumapili ile ile, tulipokuwa uani kwa jirani. Mke wa mdaiwa alituona. Nilidhani atatutukana. Akatoka, akanipa shikamoo, akaniita kando. Akasema, "Dada, najua umekuja kwa ajili ya mnada, sikulaumu. Lakini ujue ile fomu ya ridhaa ya mke iliyoko benki sijaisaini mimi. Mume wangu alipeleka mwanamke mwingine." Nikamwambia pole, kwamba hapo benki nayo imedanganywa. Akatikisa kichwa. "Ofisa mikopo ananijua. Amekula chakula changu mezani humo ndani mara mbili. Alimwona yule mwanamke akisaini na hakusema kitu."

Sijui kama ni kweli. Mtu anayepoteza nyumba anaweza kusema lolote, na mimi ningesema. Lakini alisema bila kulia, na alitaja mwezi na jina la ofisa.

Leo mchana nilikwenda kwa wakili mmoja, mteja wangu wa saruji. Nilikuwa nimeshafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati: rehani imesajiliwa, jina ni la mume peke yake, hakuna zuio lolote lililowekwa na mke. Wakili akafurahi mwanzoni. Akanieleza kwamba sheria inamlinda sana mnunuzi wa nyumba ya rehani. Hata kama ilani ya siku 60 haikumfikia mdaiwa vizuri, hata kama tangazo la mnada halikutimiza siku zake 14, mnunuzi kwa kawaida hanyang'anywi, hata kama alijua kasoro hizo. Mdaiwa anabaki kuidai benki fidia. Ila kuna mlango mmoja umeachwa wazi: udanganyifu au mwenendo usio mwaminifu wa benki yenyewe, ambao mnunuzi aliujua au alipaswa kuujua.

Nikamsimulia habari ya uani. Akanyamaza, akaweka kalamu chini. Akasema, "Sasa mama, ulikuwa mnunuzi asiyejua kitu mpaka Jumapili saa kumi na mbili jioni." Kama mume amedanganya benki, hilo ni la mume na benki. Lakini kama ofisa alijua na akapitisha, hilo linaweza kuhesabiwa kuwa la benki, na mimi nimeshaambiwa, mbele ya fundi na jirani. Aliniambia pia kwamba ridhaa ya mwenzi kwa nyumba ya familia si karatasi ya kupamba faili, benki ina wajibu wa kuchukua hatua za kuhakikisha kama mkopaji ana mke au mume.

Kaka ananiambia nijifanye sikusikia. Fundi hatasema, jirani hatasema. Mimi najua jirani atasema, ni jirani.

Maswali yangu ni haya. Kwanza, je, niandikie benki barua kabla ya Jumamosi kuuliza kama wana uthibitisho wa ridhaa ya mke, au barua hiyo hiyo ndiyo itakuwa ushahidi kwamba nilijua? Pili, kama nikienda, nishushe kikomo changu kwa ajili ya kesi hii, au hatari ya namna hii haina bei na mtu anapaswa kukaa nyumbani? Nilijaribu kuongeza milioni 10 nyingine za makato, nikafika 33.5, nikaona nadanganya nafsi yangu kwa hesabu, kwa sababu nikinyang'anywa nyumba sipotezi milioni 10, napoteza zote kwa miaka yote ambayo kesi itachukua. Tatu, kaka anaposema 55 inafunga hoja ya bei ndogo, je, inasaidia chochote kwenye hoja ya udanganyifu? Mimi naona ni milango miwili tofauti, na yeye anataka nilipe milioni 11.5 kufunga ule ambao si mkubwa.

Karani wa dalali amenipigia simu leo kuniuliza kama nitakuwepo. Nimemwambia nitamjulisha Ijumaa.

Msomaji wako,
Mwenye duka, Msamvu, Morogoro