Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kaunti ya Mombasa: kabla ya kununua mapipa ya rangi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mmoja wa kikundi cha kukusanya na kuchambua taka upande wa Likoni. Mapipa ya shule, ofisi na viwanja yakishamwagwa, sisi ndio tunaoinama kuona nini kimeingia wapi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imezitaka taasisi za umma na za binafsi kutenganisha taka zinazooza na zisizooza, na kuzitia katika mapipa yenye rangi na maandishi. Taasisi nyingi zimeanza kununua mapipa hayo. Ombi langu ni kwamba kabla ya kaunti kuagiza ya kwake, tuzungumze kuhusu picha zitakazobandikwa na matundu yatakayotobolewa, kwa maana rangi peke yake haijamwambia mtu atupe wapi.

Kuna ofisi moja mjini ambayo mapipa yake yalipangwa vizuri sana ukumbini: la kijani, la buluu na la manjano. Kila moja lina stika. Kwenye la kijani kuna tufaha lililoliwa na mifupa ya samaki, kwenye la buluu kuna gazeti, na kwenye la manjano kuna chupa. Sasa tazama anachoshika mtu anayetoka kunywa chai saa nne: kikombe cha karatasi kilichobaki kahawa chini, karatasi iliyolowa mafuta ya bajia, labda nusu ya kiazi karai. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichochorwa. Mtu hasimami kutafakari mbele ya pipa. Anatupa jicho mara moja, asipoona kitu chake anatia lililo karibu, na anaondoka. Tulipoyamwaga mapipa yale matatu yalikuwa na taka zilezile, na gazeti hatukuliona.

Kikombe kile kinahitaji maelezo, maana ndicho kinachotusumbua kuliko vyote. Kinaonekana karatasi, lakini ndani kimepakwa utando mwembamba wa plastiki ili kisivuje, kwa hiyo hakifai kuchanganywa na karatasi za kawaida. Na kahawa iliyobaki ndani inalowesha karatasi safi zilizokuwa chini yake, ambazo sasa mnunuzi hazitaki. Mahali penye vikombe vingi, mchoro wa kikombe ndio unaopaswa kuwa mkubwa kuliko yote, na kando ya mapipa pawe na ndoo ndogo ya kumwagia kinywaji kilichobaki.

Nenda pale ufukweni Mama Ngina jioni na utaona kitu kingine kabisa mikononi mwa watu, nacho ni dafu. Kumbi la dafu ni taka inayooza, lakini ni kubwa, ni zito, na halipiti katika tundu la pipa la kawaida. Mwenye dafu hata akiwa na nia njema ataliweka chini kandoni. Likikaa hapo na mvua ikanyesha, linashika maji na mbu wanazaliana ndani yake, na Mombasa tumekwisha kuijua homa ya dengue. Mahali kama hapo panataka pipa la kijani pana lisilo na kifuniko, mfano wa pipa la mafuta lililokatwa, lenye picha ya dafu na si ya tufaha. Mrija nao uchorwe kwenye pipa la pili, kwa sababu watu huuacha ndani ya dafu na sisi ndio tunaouchokonoa. Na makumbi hayo yakusanywe peke yake, yakatwekatwe kwanza, maana mazima hukaa muda mrefu mno kabla ya kuwa mbolea.

Tundu lenyewe ni alama. Mwaka 2009 watafiti wawili wa vyuo vikuu vya Marekani, Sean Duffy na Michelle Verges, walichapisha jaribio walilolifanya kwa kubadilisha vifuniko tu: pipa la chupa na makopo likapewa tundu la duara, la karatasi likapewa mwanya mwembamba. Chupa na makopo yaliyoingia mahali pake yaliongezeka kwa asilimia 34, na vitu visivyotakiwa vilivyoingia humo vikapungua kwa asilimia 95. Naamini hili kwa macho yangu, kwa sababu pipa lenye mdomo mpana hupokea chochote, hata pampasi. Hii ndiyo sehemu rahisi zaidi ya ombi langu. Fundi wa bati wa hapa hapa mjini anaweza kukata vifuniko hivyo.

Kuhusu rangi nina neno moja tu, lakini ni zito. Katika vituo vya afya nchini, pipa la manjano ni la taka zenye maambukizi, jekundu ni la zile za hatari zaidi, na jeusi ni la taka za kawaida. Mhudumu wa usafi anayefanya kazi zahanati asubuhi na shule jioni anazijua rangi hizo, na zinamlinda. Mapipa yanayoletwa kwa msaada kutoka Ulaya mara nyingi hufuata mazoea ya kule, kwa mfano Ujerumani ambako pipa la manjano ni la vifungashio. Tukiweka manjano iwe ya chupa za plastiki shuleni, tutakuwa tumemfundisha mtoto kutia mkono katika pipa ambalo ng'ambo ya barabara lina pamba yenye damu. Kijani na buluu zinatutosha, na nyeusi kwa kinachobaki. Hata hizo zisisimame bila mchoro, kwa kuwa wako watu ambao macho yao hayapambanui rangi sawasawa, na wengi wao hawajui.

Shuleni kuna mambo ambayo mtu wa ofisini hayaoni. Stika hubandikwa juu ya kifuniko, na kifuniko ndicho kinachong'oka kwanza. Kikiwa bado kipo, mtoto wa darasa la kwanza hakioni, maana anasimama chini yake. Mchoro ukae kwenye ubavu wa pipa, na mwingine mkubwa ukutani nyuma yake, ili mtoto auone akiwa bado anakuja wakati wa mapumziko kabla wenzake hawajaliziba pipa. Karatasi iliyolaminishwa haidumu katika jua na chumvi ya pwani yetu, na wino mwekundu na wa manjano ndio unaopauka mwanzo. Rangi ya mafuta iliyopakwa kwa stensili, mchoro mweupe juu ya ubavu wa buluu au wa kijani, inadumu na inarudiwa kwa gharama ndogo. Chini ya mchoro waandike maneno machache ambayo mtoto anayasema: "Maganda na chakula", "Chupa na makopo". Maandishi kama "taka zinazoweza kurejelewa" hayamsaidii mtoto wala mpishi.

Kuna pia tabia ya kuchora vitu vilivyokatazwa na kuvipiga alama ya X. Mtu anayetupia jicho kwa mbali huona picha na haoni X, kisha anatia palepale. Ni bora kila pipa lichorwe vitu vinne au vitano vinavyotakiwa, na X itumike kwa kitu kimoja tu ambacho kimethibitika kuwa kinakosewa sana.

Mheshimiwa, idadi ya mapipa ifuate idadi ya safari. Mahali ambapo mkokoteni au lori linachukua taka zinazooza kwenda kwenye mbolea na kavu kwenda kwetu, weka mawili hayo na la tatu la kinachobaki, na yakae pamoja daima. Pipa la chupa likiwekwa peke yake huwa pipa la kila kitu. Pale ambapo yote yatamwagwa katika gunia moja, usiweke mapipa matatu, kwa sababu watoto wanatazama, na wakishaona mara moja hawatatenganisha tena. Mifuko ya ndani nayo ionyeshe kilichomo. Mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, iliagiza Aprili 2024 kwamba taka zinazooza zitiwe katika mifuko inayooza yenyewe. Kwa taka kavu ningeomba mfuko unaopenya mwanga, maana mweusi unaficha kosa mpaka lifike kwetu.

Namna ya kujua kama michoro inafanya kazi si ngumu. Tandika turubai uwanjani, mwaga pipa moja la siku moja, chambua, kisha pima kwa mizani. Tuseme pipa la chupa limetoa kilo 8, na katika hizo kilo 3 si chupa. Usiishie kuandika kwamba theluthi na ushei imekosewa. Angalia hizo kilo 3 ni nini. Zikiwa nyingi ni pakiti za maziwa, mchoro wa pakiti haupo, au upo mahali pasipoonekana. Zikiwa ni maganda ya maembe, huenda pipa la kijani liko mbali au limejaa tangu asubuhi. Chora kinachokosekana au sogeza pipa, kisha rudia baada ya wiki mbili mahali palepale, siku ileile ya wiki, kwa sababu taka za Ijumaa si za Jumatatu.

Nchi za kaskazini mwa Ulaya zimekubaliana kuhusu jambo hili. Denmaki ilitengeneza michoro ya taifa zima, na majirani zake wakaichukua, hivyo mtoto akihama mji anakuta alama zilezile. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni Desemba 2024 inayotaka kuanzia Agosti 2028 alama iliyo kwenye kifungashio ilingane na ile iliyo kwenye pipa. Sisi hatuhitaji kunakili michoro yao, lakini utaratibu huo wa alama moja kila mahali tunauhitaji: mchoro wa dafu wa Mama Ngina uwe ndio huohuo wa kivuko cha Likoni, wa soko la Kongowea na wa shule za Mvita.

Kwa hiyo naomba zabuni ya mapipa isiandikwe "mapipa ya rangi tatu" pekee. Iandikwe umbo la tundu la kila pipa, michoro itakayopakwa ubavuni na kimo chake kutoka chini, na iseme kwamba michoro hiyo itachaguliwa baada ya kumwaga na kupima taka za mahali husika. Kikundi chetu kiko tayari kufanya upimaji huo katika shule mbili na ofisi moja ya kaunti utakazozichagua, tukiwa na turubai na mizani yetu. Tunachohitaji kutoka kwako ni barua ya ruhusa ya kuingia.

Wako mtiifu,
Mchambuzi wa taka, Likoni