Kibubu kwanza, sufuria baadaye: unacholipia kwenye video ya mkono unaochora

Wiki iliyopita mama mmoja, katibu wa kikoba kule Newala, alipanda gari la asubuhi mpaka hapa Mtwara mjini kuja kutuambia ana kwa ana kwamba tumemwibia. Alikuwa ametanguliza nusu ya malipo ya video ya dakika moja ya mkono unaochora ubaoni, shilingi 90,000 kati ya 180,000, nasi tukamtumia maelekezo ya kipande cha kwanza, yale tunayoipa programu ya akili mnemba ichore, ayapitishe. Akafungua simu, akatuonyesha. "Mwanangu, hela yote hii kwa maneno ya mistari saba? Mjukuu wangu anayo hiyo programu ya akili mnemba, anaandika mstari mmoja tu na video inatoka."

Huyu ni mteja wa nne kutulalamikia hivi tangu msimu wa korosho uanze. Malipo ya mnada yakianza kuingia, viongozi wa vikundi wanataka video fupi ya kurusha kwenye kundi la WhatsApp ili wanachama wakumbuke kuweka akiba kabla hela haijatawanyika. Kwa hiyo tunaeleza mara moja, kwa wote.

Video ya mjukuu tuliitazama pamoja. Aliandika: mkono unachora mama anaweka akiba. Picha nzima ikajitokeza ubaoni ndani ya sekunde mbili, mkono ukawa unapitapita juu ya mistari iliyokwisha kuwepo, kama mtu anayefuta vumbi. Akarudia, akanunua salio la programu mara tatu, jumla 54,000. Ile ya mwisho ilikuwa nzuri kwa macho: mama, sufuria, kanga, mtoto na begi la shule, na mwisho kabisa, pembeni, kisanduku kidogo cha akiba.

Hapo ndipo penye kosa, na si kosa la uchoraji. Kwenye video ya ubao mweupe macho ya mtazamaji yanafuata ncha ya kalamu. Kinachochorwa kwanza ndicho anachokielewa kuwa kinafanywa kwanza. Ukichora sufuria, nauli na kanga, halafu kibubu, umemfundisha mwanachama kuweka kinachobaki, na sote tunajua hakibaki kitu. Somo alilotaka mama wa Newala ni kinyume chake: ukifunga biashara jioni, elfu moja iingie kibubuni kabla hujagusa hela ya matumizi. Mpangilio wa mistari ndio somo lenyewe.

Kwa hiyo sisi hatuanzi na picha, tunaanza na sauti. Tulimwomba mama arekodi kwa simu sentensi yake: "Ukifunga biashara, kabla hujagusa hela ya matumizi, weka elfu moja kibubuni." Maneno 11. Kiswahili kinachosemwa kwa utulivu huenda kama maneno mawili kwa sekunde, kwa hiyo haya yanakaa vizuri ndani ya kipande cha sekunde nane, na programu nyingi hutoa vipande vifupi vya namna hiyo. Ndani ya sekunde nane mkono unaweza kuchora vitu vitatu vyepesi. Ukiulazimisha uchore sita, mistari inaanza kuikimbia kalamu.

Haya ndiyo maelekezo aliyoyalalamikia:

```
Ubao mweupe mtupu. Kamera imetulia.
Mkono mmoja wa kulia wenye kalamu nene nyeusi unaingia kutoka chini.
Kwanza unachora kisanduku cha mbao upande wa kushoto, mstari kwa mstari.
Kisha unachora tundu jembamba juu ya kisanduku.
Kisha unachora noti moja tupu ikiingia kwenye tundu.
Kila mstari unatokea kwenye ncha ya kalamu na unabaki ubaoni.
Mkono unatoka. Upande wa kulia unabaki mweupe.
```

Kila neno pale limelipiwa. Tunasema "kisanduku cha mbao" kwa sababu miaka ya nyuma tuliandika kibubu, tukakihamishia Kiingereza ambacho programu hizi hukielewa zaidi, kikawa "piggy bank", na tukaletewa nguruwe mwenye tundu mgongoni. Video ile ilikuwa ya kikundi cha akina mama wa Mikindani, karibu wote Waislamu. Tuliiona kabla haijatoka, namshukuru Mungu. Tukaongeza "bila nguruwe", nguruwe akarudi, maana mashine mara nyingi huchora kile ulichokitaja hata ukikikataa. Dawa ni kueleza unachotaka kwa umbo lake na kunyamaza kuhusu usichokitaka.

"Noti tupu" nayo ina sababu. Ukiandika pesa, unaweza kupata alama ya dola. Ukiomba tarakimu, 1,000 inaweza kutoka na sifuri tano au na herufi isiyosomeka. Tarakimu zote na maneno yote ya Kiswahili tunayaweka wenyewe baadaye wakati wa kuhariri, mstari kwa mstari, kwa programu ya kuchorea ambayo kila mstari una zamu yake. Ni kazi ya polepole na hatuwezi kuiacha, kwa sababu mwanachama akisoma kiasi kibaya amefundishwa kiasi kibaya.

Na ule upande wa kulia ulioachwa mweupe? Ni wa kipande cha pili. Tunachukua picha ya mwisho ya kipande cha kwanza, tunaifanya picha ya kuanzia ya kipande kinachofuata, ndipo mkono unarudi na kuchora sufuria na nauli, kibubu kikiwa tayari kimekaa pale na noti yake. Usipofanya hivyo, kila kipande kinakuja na kibubu kingine, mara kipana, mara chenye miguu. Dakika moja ni vipande saba au nane, na kila kimoja tunakitoa mara tatu, nne, kabla ya kupata kinachofaa. Salio la marudio hayo tunalilipa sisi.

Kukagua hata wewe unaweza. Simamisha video katikati ya mchoro, tazama mbele ya ncha ya kalamu. Ukikuta mstari umeshafika kabla ya kalamu, kipande hicho hakifai. Hesabu vidole. Hesabu noti: ziwe zilezile mwanzo na mwisho wa kipande. Kuna mteja wa Masasi aliyetuletea video ya bei nafuu tuitengeneze, noti moja iliingia kwenye kisanduku na tatu zikabaki nje zikijizalia zenyewe. Hatukuweza kuirekebisha; tuliianza upya na akalipa mara mbili. Kurekebisha kipande kilichokosea ni kugumu kuliko kukitoa upya, na hili wateja hawalipendi nikiwaambia.

Pia kuna tusichoweza kuahidi. Hata kwa maelekezo mazuri, wakati mwingine mashine inakataa kufuata zamu, hasa kwenye umbo la mtu. Kwa hiyo mama anayefunga biashara tulimchora kwa mkono wetu, na hilo lipo ndani ya ile 180,000.

Mama wa Newala alikaa mpaka saa nane. Tulimwekea kipande chake na cha mjukuu, kimoja baada ya kingine, bila sauti. Akaomba tumwekee cha kwetu mara ya pili, akauliza swali moja: mwishoni tutaandika siku ngapi? Tulikuwa tumepanga kuonyesha mwaka mzima. Akakataa, akasema wanachama wake wanaamini mwezi. Kipande cha mwisho sasa kinaandikwa 1,000 mara siku 30, na 30,000 chini yake, tarakimu moja moja. Nusu iliyobaki atalipa akiiona.