Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mjamzito mwenye macho ya njano asisubirishwe

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Nairobi,

Shikamoo. Mimi ni mkunga, nimefanya kazi huku kaskazini mashariki na najua ofisi yako inapokea barua nyingi, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Nataka tuongee kuhusu homa ya ini aina ya E, ile inayokuja na maji machafu, na kwa nini inaua kina mama wajawazito kuliko mtu mwingine yeyote.

Watu wengi wakisikia homa ya ini wanafikiria B, ile ya damu na ngono, ile yenye chanjo ya watoto. Hiyo ni nyingine kabisa. Zinazopita kwenye maji na chakula ni mbili, A na E, zote zinatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa zinaingia mdomoni mwa mwingine. A kwetu huku mtu huipata akiwa mtoto mdogo, mara nyingi hata haonyeshi dalili, akishapona hairudi tena maisha yake yote. E ndo ile ambayo mafuriko yakija, au watu wakibanana kambini na vyoo havitoshi, inalipuka na kushika watu wazima kwa mamia. Na kwa mtu wa kawaida wala si ugonjwa wa kutisha sana, anachoka, anatapika, hamu ya chakula inapotea, macho yanakuwa njano, mkojo unakuwa rangi ya strungi, baada ya wiki kadhaa anapona mwenyewe bila dawa yoyote. Wanaokufa ni wachache sana.

Sasa chukua ugonjwa huohuo mpe mama mwenye mimba ya miezi saba au nane. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya wale wanaoshikwa miezi mitatu ya mwisho, 20 mpaka 25 kwa kila 100 wanaweza kufa. Mheshimiwa, hiyo ni mmoja kati ya wanne au watano. Na hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano manake Dadaab ni yetu. Mwaka 2012, kuanzia Julai hadi mwisho wa Novemba, walihesabiwa wagonjwa 339 kambini na vifo 10. Kati ya hao 10, tisa walikuwa kina mama waliokuwa wametoka kujifungua, wa kumi alikuwa mtoto wa miaka miwili. Hakuna mwanaume hata mmoja kwenye hiyo orodha ya vifo, na wanaume waliougua walikuwepo.

Kwa nini mimba? Niseme ukweli, sayansi haijamaliza hili swali. Kinachojulikana ni kwamba kirusi cha E kina aina zake ndani, na zile mbili zinazokaa kwa binadamu peke yake na kusambaa kwa maji, yaani aina ya 1 na ya 2, ndo zinaua wajawazito, na ndo tulizonazo Afrika na Asia ya Kusini. Zile za Ulaya zinazotoka kwenye nyama ya nguruwe isiyoiva hazina tabia hiyo. Alafu mwili wa mama mwenye mimba unapunguza ukali wa kinga yake ili usimkatae mtoto, na homoni za mimba ziko juu sana miezi ya mwisho, na kirusi chenyewe kimeonekana kinaweza kuzaliana hata kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo mtoto naye anaweza kuambukizwa tumboni, akazaliwa kabla ya wakati au akafia ndani. Vyote hivyo vinakutana kwa mama mmoja.

Ini likifeli, kinachomuua mama mara nyingi ni vitu ambavyo mkunga anaviona kwa macho kama ameambiwa aviangalie. Ini ndo linatengeneza vitu vya kugandisha damu, sasa lisipofanya kazi mama anajifungua vizuri tu alafu damu haisimami, tunakanda tumbo, tunachoma sindano ya kukaza kizazi, kizazi kimekaza na damu bado inatoka. Sukari inashuka ghafla. Na akili inabadilika, mama analala mchana kutwa usiku yuko macho, anajibu vitu visivyoeleweka, na familia inasema amepagawa au ni uchovu wa mimba. Hapo tumebaki na masaa tu.

Nimeona mama wa namna hii, macho njano kabisa, ameandikiwa dawa za malaria akarudishwa nyumbani, na mwingine amepimwa B ikatoka hakuna basi wakamwambia hana homa ya ini. Sitaji kituo wala mtu, manake tatizo si muuguzi mmoja, ni kwamba hakuna aliyempa kipimo wala maelekezo.

Na hapa ndo naomba unisikilize vizuri, manake kuna hesabu ya siku ambayo nadhani wapangaji wetu hawaifanyi. Ugonjwa huu haujitokezi siku unayokunywa maji. Unakaa mwilini wiki 2 mpaka 10, wengi ni wiki 5 au 6, ndo dalili zinaanza. Sasa tufanye mvua kubwa imenyesha tarehe 10 Aprili, vyoo vimejaa, maji yamepita juu yake yakaingia kwenye visima na mabwawa, watu wakanywa wiki nzima. Timu ya dharura inakuja, inaangalia kuharisha na kipindupindu, ambacho kinajitokeza ndani ya siku chache, mwezi Mei mwanzoni inaandika ripoti kwamba hali imetulia, inaondoka. Macho ya njano yanaanza mwisho wa Mei. Ukienda kupima kile kisima wakati huo unaweza kukuta maji safi kabisa, na hata vile vipimo vya kawaida vya maji vinatafuta bakteria ya kinyesi, kirusi havikioni, kwa hiyo mtu anasema maji yetu hayana shida, huu ugonjwa umetoka kwingine.

Sasa weka mama kwenye hiyo hesabu. Aliyekunywa yale maji akiwa na mimba ya wiki 24, hakuna mtu aliyemuona yuko kwenye hatari. Wiki 6 baadaye yuko wiki ya 30, yaani ameingia miezi mitatu ya mwisho, na hapo ndo anaumwa. Kwa hiyo siku ya mafuriko orodha ya kina mama wa kufuatiliwa isiwe ya wale wenye matumbo makubwa tu, wale wa miezi mitano na sita ndo hasa watakaotuletea vifo miezi miwili mbele. Kadi za kliniki tunazo, wahudumu wa afya ya jamii tunao na wanajua kila boma lenye mjamzito. Ni kuwaambia tu waendelee kupita na kuangalia macho kwa wiki 10 baada ya maji kupungua, wasiache pale kipindupindu kinapoisha.

Kuhusu maji pia nina neno. Kuweka klorini kwenye tangi ni lazima, na kiwango kinachotumika wakati wa mlipuko ni miligramu 0.5 za klorini zinazobaki kwa lita baada ya nusu saa, ipimwe pale bombani kila siku na maji yawe hayana tope, manake tope linakula klorini. Lakini tuwatazame jirani zetu wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Kule mlipuko ulianza mwisho wa 2007 ukaendelea mpaka 2009, zaidi ya watu 10,000 waliugua na kama 160 wakafa, na visima vilichimbwa na maji yaliwekwa dawa na bado ugonjwa ulikuwa unaendelea. Waliochunguza wakaona ugonjwa ulikuwa unapita nyumbani kwa nyumbani, na vitu vilivyojitokeza ni vidogo vidogo, kunawa mikono watu wote kwenye beseni moja, na kuweka maji ya kunywa kwenye chombo chenye mdomo mpana ambacho kila mtu anatumbukiza mkono na kikombe. Mgonjwa anatoa kirusi kwenye kinyesi siku kadhaa kabla macho hayajageuka na anaendelea wiki 3 au 4 baadaye, kwa hiyo yule anayejisikia vizuri tu jana ndo ananawa nanyi beseni moja. Tunapogawa misaada ya mafuriko tugawe jerikeni za mdomo mwembamba na birika la kumimina maji ya kunawa, na sabuni, zianzie kwa nyumba zenye wajawazito.

Chanjo ipo, hili wengi hawalijui. Imetengenezwa China na kupewa kibali huko mwaka 2011, ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu baada ya miezi sita. Shirika la Afya Duniani lilisema 2015 kwamba ifikiriwe wakati wa milipuko, wajawazito wakiwemo, na mwaka 2022 huko Bentiu, Sudan Kusini, wizara yao na Madaktari Wasio na Mipaka walichanja watu wa miaka 16 hadi 40 na wajawazito pia, mara ya kwanza duniani chanjo hii kutumika kuzima mlipuko. Sisemi tuilete kesho tuchanje nchi nzima. Usalama wake kwenye mimba bado unafuatiliwa na hilo lazima kina mama waambiwe kabla hawajakubali. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa tutaitumia lini, wapi na nani ataomba dozi ufanywe saa hii hakuna mlipuko, manake dozi zikianza kutafutwa baada ya mama wa tatu kufa zitafika mimba zote zimeshazaliwa.

Basi naomba vitu hivi. Kila hospitali ya kaunti ndogo kwenye maeneo ya mafuriko na kambi iwe na kipimo cha haraka cha homa ya ini E, na mjamzito yeyote mwenye macho ya njano apimwe siku hiyohiyo pamoja na sukari na muda wa damu kuganda. Asipewe rufaa ya maneno, apelekwe na gari kwenye hospitali yenye damu ya kuongeza, na asijifungulie mahali ambapo damu haipo. Madaktari wapewe maelekezo yaliyoandikwa ya kutofautisha hii na ini la mafuta la mimba au kifafa cha mimba kilichogusa ini, manake hizo mbili kumtoa mtoto mapema kunamuokoa mama, lakini kwa E hakuna ushahidi kwamba kukatisha mimba kunasaidia, na kumpasua mama ambaye damu yake haigandi kunaweza kumuua palepale. Dawa ya virusi inayotumiwa kwa wengine, ribavirini, haifai kwenye mimba, kwa hiyo tunachobaki nacho ni kumuwahi na kumuangalia kwa karibu, na kumkataza dawa za miti shamba na paracetamoli za kujimezea.

Na kwenye ripoti ya kila wiki ya magonjwa, pale anapoandikwa mgonjwa wa macho ya njano iongezwe safu moja ya kuonyesha kama ana mimba au amejifungua karibuni. Wajawazito wawili wenye macho ya njano kutoka eneo moja ndani ya mwezi, timu ya maji itoke siku hiyo bila kungoja majibu ya maabara kutoka Nairobi.

Naomba jibu lako kabla ya mvua za vuli.

Mkunga wako,
Garissa