Barua Kuhusu Mechi ya Jumamosi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Ninakuandikia mapema ili wewe, ambaye mashabiki wetu wanakusikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi, uwafikishie habari hizi kabla wiki haijaisha. Jumamosi hii tutacheza mechi ya marudiano katika uwanja wetu, dhidi ya timu ile ile iliyotufunga bao moja kwa bila katika mzunguko wa kwanza. Mpira utaanza saa 10:00 jioni. Tafadhali uwatajie saa hiyo kwa mdomo, pamoja na neno "jioni", kwa sababu ratiba ya ligi imeandikwa 4:00, na tayari mchezaji mmoja ameniuliza kama tunacheza saa nne asubuhi.

Wachezaji wote, wakiwemo wale ambao hawana hakika ya kupangwa, watakutana uwanjani saa 8:30 mchana. Najua wapo watakaoona kwamba saa moja na nusu kabla ya mechi ni muda mrefu mno, lakini ukihesabu kurudi nyuma kutoka saa 10:00 utaona kwamba hakuna dakika ya kupoteza: saa 9:30 alasiri ninamkabidhi mwamuzi orodha ya majina, saa 9:15 wachezaji wanaanza kupasha misuli joto, na kabla ya hapo lazima wawe wamevaa, wamefungwa bandeji wanaohitaji, na wamemsikiliza kocha. Sheria ya mchezo inasema kwamba mchezaji wa akiba ambaye jina lake halikukabidhiwa kwa mwamuzi kabla ya mpira kuanza haruhusiwi kucheza mechi hiyo. Unakumbuka mzunguko wa kwanza: tangazo langu lilitaja saa ya mpira kuanza tu, vijana wetu wawili wakafika mpira ukiwa umeshaanza, na beki wetu alipoumia kipindi cha pili, hali akiba waliokuwa kwenye orodha walikuwa wameshaingia, tulimaliza tukiwa kumi huku wale wawili wakitazama. Kosa lile lilikuwa langu, na ndiyo sababu safari hii ninaitangaza saa ya kukutana kabla ya jambo jingine lolote.

Sasa nije kwa mashabiki, kwani hapo ndipo ninapouhitaji msaada wako zaidi. Waje kwa wingi, waje na ngoma, waje na sauti zao zote, lakini nakuomba usimruhusu mtu yeyote aje na filimbi. Katika mechi ile ile, mshambuliaji wetu alikuwa ameshaingia na mpira ndani ya eneo la penalti, filimbi ikalia kutoka upande wa mashabiki wetu, na mabeki pamoja na mshambuliaji mwenyewe wakasimama wakidhani ni mwamuzi. Mwamuzi alisimamisha mchezo, kisha akauanzisha tena kwa kumdondoshea mpira golikipa wao. Watu wetu walimzomea, ilhali alifuata sheria sawasawa: filimbi ya mtazamaji ikivuruga mchezo, mchezo husimamishwa na kuanzishwa kwa mpira wa kudondosha, na mpira ukiwa ndani ya eneo la penalti hudondoshewa golikipa wa timu inayolinda, hata kama waliokuwa nao ni washambuliaji. Aliyepuliza alikusudia kutushangilia, nasi tukapoteza nafasi yetu nzuri kuliko zote za siku ile.

Jambo la mwisho ni mahali pa kusimama. Uwanja wetu hauna uzio, na mchezo ukinoga watu husogea mpaka kwenye chaki, mshika kibendera akakosa pa kukimbilia na asiweze kuona vizuri nani ameotea. Nitatandika kamba hatua tatu nje ya mstari wa pembeni, na nitafurahi ukisimama hapo na vijana wachache ili isivukwe. Wageni wetu huvaa bluu kama sisi, kwa hiyo tumekubaliana nao kwamba safari hii sisi tutavaa jezi nyeupe. Waombe watakaosimama karibu na kamba wasivae nyeupe, kwa maana mchezaji anayeinua kichwa kwa haraka ili atoe pasi huona rangi kabla hajaona uso, na anaweza kumpasia shabiki.

Nijibu kabla ya Ijumaa jioni kama utaweza kufika saa 9:00 alasiri, ili tuifunge kamba pamoja kabla watu hawajajaa.

Ni mimi rafiki yako,
Katibu wa timu