Barua ya wazi kwa mkuu wa utabiri wa msimu: waiteni wazee wa Nganyi kabla hamjatangaza

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Kawangware. Nakuandikia kwa heshima yote lakini uvumilivu umeniishia, manake mama yangu kule Bunyore amepanda mahindi mara mbili msimu huu, na mbegu za mara zote mbili nimenunua mimi hapa Nairobi kwa pesa ya kibarua, kodi ya nyumba bado sijalipa.

Mvua ilinyesha mwisho wa Februari, kubwa kabisa, kila mtu akashika jembe. Halafu jua likarudi likakaa zaidi ya wiki mbili, mahindi yaliyokuwa yameota yakakauka yote. Utabiri wenu nikatumiwa kwa simu baadaye, kwa Kiingereza, unasema msimu utakuwa na mvua juu ya kawaida. Sasa mheshimiwa, hata kama hiyo ni kweli, inamsaidia mama yangu na nini? Hiyo ni hesabu ya miezi mitatu, Machi mpaka Mei, imejumlishwa pamoja. Msimu unaweza kumaliza na maji mengi na bado mwanzo wake ukaua mbegu shambani. Mkulima anataka kujua kama mvua ya kwanza ni ya kweli. Na kipimo mnacho nyinyi wenyewe: angalau milimita 20 ndani ya siku 3, halafu kwa siku 21 zinazofuata kusitokee ukame wa siku 7 mfululizo. Shida ni kwamba mvua ikinyesha leo hizo siku 21 bado hazijafika, na majirani wote wameshaanza kupanda.

Hapo ndipo wazee wanaingia. Mzee mmoja wa ukoo wa Nganyi, wale watabiri wa mvua wa kwetu Bunyore, anakaa karibu na mama na hakupanda na ile mvua. Alisema miti ya kwenye msitu wao wa matambiko bado haijaonyesha ishara ya mvua, na upepo haujageuka. Mama aliona anachelewa tu. Mzee alingoja, akapanda mara moja, na shamba lake liko sawa.

Sisemi ni uchawi. Ile miti kupukutisha majani, kuchipua na kutoa maua kunafuata joto na unyevu, wadudu na ndege vilevile, na ule ukoo umeangalia vitu hivyo mahali pamoja kizazi baada ya kizazi. Ishara zingine ni siri yao na wabaki nazo. Na pia wanakosea, kwa sababu majira yenyewe yamebadilika, na hawawezi kuona bahari ya Hindi imepata joto kiasi gani, hiyo mnaiona nyinyi kwa setilaiti. Ndiyo maana mnahitajiana.

Na mheshimiwa unajua hili jambo si geni. Kuanzia 2008 watabiri wa Kenya Met na wa ICPAC, kile kituo cha utabiri wa kanda yetu, walikaa na wazee wa Nganyi, kila upande unaleta utabiri wake kabla ya msimu, wanalinganisha, wanabishana, wanakubaliana ujumbe mmoja, halafu unatafsiriwa kwa lugha ya watu na kupelekwa kwa redio na kwa baraza za machifu. Watu waliusikiliza kwa sababu walijua wazee wao walikuwa ndani. Kwenye mkutano hapa mjini nilikuuliza mbele ya watu kama hicho kikao kitafanyika kwetu kabla ya mvua za masika, ukasema ndiyo, watu wakapiga makofi. Nimepiga simu nyumbani nikauliza, wazee wanasema hakuna aliyewaita. Labda ni bajeti, labda mradi uliisha na hakuna aliyeachiwa hiyo kazi, sijui, lakini uliahidi.

Kuna lingine linaniuma. Ile misitu ya matambiko ni midogo, imezungukwa na mashamba, na ndani kuna miti ya kienyeji ambayo nje huioni tena. Watu wanamega kingo, wanapanda mikaratusi ya kuuza. Mti wa ishara ukikatwa mzee hana tena cha kuangalia, na huwezi kupanda mwingine leo ukausoma mwaka ujao. Mtu akiharibu kipima mvua chenu nina hakika mtaenda polisi. Huu msitu nao unapima, ulindwe hivyohivyo.

Lakini nisikuchoshe na mengi. Naomba moja tu, kikao. Mvua za vuli ndizo zinafuata, kwa hivyo wazee waitwe mapema, walipiwe nauli, wakae na watu wako, na ujumbe utoke kwa Kinyore na Kiswahili ukisema tupande lini na tungoje nini. Uliahidi mheshimiwa. Waite kabla hamjatangaza, mama yangu hana mbegu ya kupanda mara ya tatu.

Wako mwananchi,
Kawangware, Nairobi