Asante kwa vikao vinne vya mwisho

Dada mpendwa,

Mwaka wa programu umefika ukingoni, na bila shaka wengi watakushukuru wewe na wenzako kwa kujitolea saa zenu kila baada ya wiki mbili. Sisi tuliosimamia ratiba tunataka kuwashukuru hasa kwa namna mlivyoaga, maana hapo ndipo ulezi wa wasichana wa sekondari huharibikia mara nyingi.

Kwenye mafunzo tuligusia uchambuzi wa watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes uliochapishwa mwaka 2002. Vijana waliodumu na mlezi mwaka mzima au zaidi ndio walionufaika zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walionekana kushuka katika kujithamini. Ndiyo maana tuliwabana sana kuhusu mahudhurio. Mlezi akitoweka, binti hatafuti sababu kwenye ratiba ya mlezi. Huitafuta kwake mwenyewe, akajiona ndiye aliyekosea.

Mlianza kuaga vikao vinne vikiwa vimebaki, yaani kama miezi miwili kabla. Wapo waliouliza mapema yote hiyo ya nini. Mfikirie binti mkimya, ambaye amechukua nusu mwaka kukuzoea. Ukimwambia leo kwamba vimebaki vinne, huenda akaitikia tu, "Sawa." Kikao kinachofuata haji. Kingine anakuja amechelewa, amenuna, anajibu kwa neno mojamoja. Mlezi mgeni hudhani binti amechoka na programu, naye anajivuta pembeni. Kumbe mara nyingi binti anatangulia kuondoka ili asiwe yeye anayeachwa. Nyinyi hamkujivuta. Mlipeleka ujumbe kupitia mwalimu wa malezi kwamba kiti chake kipo, na alipokuja hamkumhoji alikuwa wapi. Mlimwambia waziwazi kwamba kuagana kunauma na kwamba ana haki ya kukasirika. Ungesubiri kikao cha mwisho ndipo umwambie, hasira hiyo angeenda nayo nyumbani, na usingekuwapo kumsaidia kuibeba.

Kikao cha pili kati ya vile vinne kilikuwa cha daftari. Binti alisoma mwenyewe malengo aliyoandika mwanzoni mwa mwaka, akaweka alama kwenye aliyofikia na kueleza yaliyokwama. Mlijizuia kumsomea, na mlifanya vema. Akisoma kwa sauti yake, sifa inabaki kuwa yake.

Cha tatu ndicho tunachokithamini kuliko vyote. Kila binti aliandika majina ya watu wazima watatu anaoweza kuwafikia, na mbele ya kila jina akaandika anamwendea kwa jambo gani na anapatikana lini. Orodha peke yake haitoshi. Binti akiandika "mwalimu wa malezi" bila kuwahi kuzungumza naye, siku ya shida hatabisha mlango ule. Kwa hiyo mlitoka naye, mkaenda hadi kwa mwalimu, binti akajieleza mwenyewe nanyi mkiwa kando. Dakika kumi zilitosha. Waliokosa nafasi hiyo kwa sababu mwalimu hakuwapo, walirudi siku nyingine, na tunajua haikuwa rahisi kwenu.

Kikao cha mwisho hakikufungua mada mpya. Mlimpa kila mmoja barua ya ukurasa mmoja yenye mambo mawili au matatu mliyomwona akiyafanya: siku aliyoomba afafanuliwe swali la hesabu mbele ya wenzake, siku aliyomtetea mwenzake aliyechekwa. Barua inayosema tu "wewe ni hodari" binti huisahau. Yenye tukio alilolishuhudia hawezi kuikanusha. Zawadi za fedha mliziacha, kwa kuwa zingeleta ulinganisho na kumwachia deni moyoni. Vilevile hamkusema "nitakutafuta" pale ambapo hamkuwa na hakika. Ni neno jepesi kutamka, lakini binti hulihesabia siku.

Mara nyingine siri nzito hutoka dakika za mwisho kabisa, wakati mabegi yameshafungwa. Ni rahisi kudhani binti anataka tu kukuchelewesha. Mlilichukua kila neno kuwa la kweli, mkawaeleza kwamba siri ya usalama wao haiwezi kubaki kwa mtu mmoja, na mkatoa taarifa kwa mhusika wa ulinzi wa mtoto siku hiyohiyo. Kwa hilo hatuna namna ya kuwashukuru ikatosha.

Yamebaki machache. Daftari la binti ni lake, abaki nalo. Kumbukumbu zako za vikao zirudishe ofisini, usihifadhi nakala wala picha zao kwenye simu. Binti akikuandikia, mjibu kwa upole kupitia kwetu, ili mwalimu naye ajue. Kisha njoo kwenye kikao cha walezi wenyewe kwa wenyewe, kwani nanyi mmeagana na watu mliowazoea.

Asante sana, dada. Wasalimie wenzako wote.