Mwanangu, kuhusu ule ugomvi wa Kanta

Mwanangu, salama huku. Jana kwenye simu uliongea kwa hasira nikaona nikuache kwanza upoe, sasa nakuandikia maana hii ishu mi nimeishi nayo miaka yote niliyokuwa afisa utumishi.

Kwa nilivyoelewa, saa nane mchana mko stoo ya kazini Tabata, gari ni Kanta moja tu, we una kazi ya send-off Mbezi saa kumi na mbili jioni na unataka mahema, viti mia tatu na meza, mwenzako ana sherehe Kigamboni saa moja usiku na anataka jenereta na spika. Mkabishana karibu saa nzima, mwisho mkaona basi nusu kwa nusu, kila mtu apakie nusu ya vitu vyake, gari lipite Mbezi kwanza halafu ndo liende Kigamboni. Hema likafika bila nguzo zote, jenereta ikakaa kwenye foleni wakati fundi wa sauti anaisubiri.

Kuna Wamarekani wawili, Thomas na Kilmann, mwaka 1974 walitoa dodoso la kupima mtu anavyokabili mgogoro, njia tano: kukomaa na lako, kukwepa, kumpisha mwenzako, kugawana katikati, na kukaa pamoja mtafute njia itakayowatosha wote. Kozini tulifundishwa kwamba muda ukiwa mfupi gawaneni katikati, na kutafuta njia ya pamoja kunakula muda. Ni kweli ila nusu tu. Kugawana kunafaa kwa kitu kinachogawanyika, kama hela, siku za zamu, hata viti, maana viti mia na hamsini bado vinakalika. Nusu hema halimfuniki mtu mwanangu, na mpambaji hawezi kuanza mpaka hema lisimame lote. Kwa hiyo kabla hujasema nusu kwa nusu jiulize, nikipata nusu ya hiki kitanifaa kwa lolote? Kama hakifai basi hapo mmegawana hasara.

Sasa mngefanyaje na saa inakimbia? Mngejipa dakika kumi, muangalie saa kabisa, na kila mmoja amuulize mwenzake maswali mawili tu: kipi lazima kitangulie, na kipi kinaweza kusubiri. Wewe ungesema hema na nguzo zitangulie, viti hata saa kumi na moja sawa. Yeye angesema jenereta na spika, basi. Na hapo mngeona kwamba yeye hakuwa na shida na Kanta hata kidogo, shida yake ni jenereta ivuke Kigamboni, na jenereta ndogo na spika mbili tatu zinaenea kwenye kirikuu cha kukodi (mfunge kamba vizuri lakini), Kanta ikabaki kwako. Mnachangia hela ya kirikuu, au mnampigia bosi atoe. Mlichogombania ni gari, alichohitaji kila mtu ni kitu kingine kabisa.

Ila hii inataka mwenzako akwambie ukweli. Ukiona umemuuliza mara mbili na bado anakujibu "mi nataka gari" basi dakika kumi hazitatosha, usizipoteze, amua kwa njia nyingine. Hapo ndo kuna kupisha. Anayepisha ni yule atakayeumia kidogo, sio yule mpole, maana we nakujua, mpole kila siku ndo anapisha halafu baada ya miezi mitatu analipuka kwa kitu kidogo watu wanashangaa. Na ukipisha sema wazi, leo chukua gari kwa sababu sherehe yako haina njia nyingine, Jumamosi ijayo naanza mimi. Ukinyamaza yeye atadhani gari ni haki yake.

Halafu kuna kitu ulikitaja kwa kupita tu, kwamba yeye alishaandika kwenye daftari la gari tangu Jumatano na we hukuandika. Mwanangu! Kama ni hivyo gari lilikuwa lake, hapo unampisha mara moja bila kudai fidia yoyote, halafu unamuomba akusaidie kupata usafiri mwingine. Ungeanza hivyo saa nane na dakika tano ungekuwa umebakiwa na muda wa kutosha kutafuta gari.

Sasa hivi usimfuate kumuelezea nani alikosea. Mwambie mkutane Alhamisi, siku ambayo hamna mzigo, hapo muda upo mkae mpange daftari liandikweje, kazi mbili zikigongana nani anapewa Kanta na hela ya kirikuu inatoka wapi. Na dereva awepo, maana yeye ndo anajua Mbezi Jumamosi jioni hapapitiki.

Baba yako anauliza lile hema lililochanika limeshashonwa au bado.

Mama